Inakubali Simu Zote, Lakini Si kwa Kasi Moja

"Dada, hii ni fasti chaji, wati 15, inakubali simu zote." Maneno ya aina hii husikika sana kwenye maduka ya vifaa vya simu, na muuzaji anayeyasema hadanganyi. Kisahani cha kuchajia bila waya anachokuuzia kinakubali kila simu iliyotengenezwa kuchajiwa kwa njia hiyo, na huenda kweli kina uwezo wa kutoa wati 15. Tatizo ni kwamba sifa hizo mbili ni nadra kukutana katika simu moja. Ukifika nyumbani, Galaxy ya baba inajaa vizuri, lakini iPhone ya mama, iliyowekwa juu ya kisahani hichohicho, inasuasua hadi watu wanakwenda kulala. Betri inalaumiwa, simu inalaumiwa, na mwishowe muuzaji anaitwa tapeli.

Jibu mara nyingi limeandikwa kwenye boksi, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Geuza boksi la kisahani cha kawaida, utafute neno `Output`, na utakuta maandishi kama haya: `15W/10W/7.5W/5W`. Wengi hudhani hizo ni hatua nne ambazo simu yoyote inaweza kuzipanda, kama gia za gari. Sivyo. Kila namba kati ya hizo ni ya kundi tofauti la simu, na kundi lako huenda halihusiani kabisa na ile namba kubwa iliyochapishwa kwa rangi mbele ya boksi. Kuelewa kwa nini iko hivyo, inabidi tutazame kinachotokea katika sekunde ya kwanza baada ya simu kulazwa juu ya kisahani.

Ndani ya kisahani kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara. Mgongoni mwa simu, chini ya kioo, kuna koili nyingine. Umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde unapopita kwenye koili ya chini, huzalisha nguvu ya sumaku inayobadilika kwa kasi hiyohiyo, na nguvu hiyo huamsha umeme kwenye koili ya juu. Hiyo ni fizikia ya Michael Faraday ya mwaka 1831, wala haina siri. Siri iko kwenye mazungumzo. Kisahani hakimwagi umeme ovyo kikingoja simu ije. Hutoa mapigo mafupi ya nguvu kupima kama kuna kitu juu yake. Simu ikiwapo, pigo hilo huiamsha sehemu yake ya kuchajia, nayo hujibu kwa namna ya ajabu kidogo: huongeza na kupunguza mzigo kwenye koili yake yenyewe. Kisahani huhisi mabadiliko hayo madogo kwenye koili yake na kuyasoma kama ujumbe.

Ujumbe wenyewe ni mfupi na una mpangilio maalumu. Kwanza simu hueleza inapokea mapigo kwa nguvu kiasi gani. Kisha hujitambulisha, pamoja na namba ya utambulisho ya kiwanda kilichoitengeneza. Kisha hutaja inahitaji umeme kiasi gani kwa juu kabisa. Hapo ndipo kuchaji huanza, na kuanzia wakati huo simu huendelea kutuma maagizo mara kadhaa kwa sekunde: ongeza kidogo, punguza kidogo, hapo hapo. Kisahani kikikaa karibu sekunde mbili bila kusikia agizo lolote, hukata umeme. Kwa hiyo anayeamua kasi ya kuchaji ni simu. Kisahani ni mtoaji tu anayetii.

Mazungumzo hayo yote yamewekwa kwenye kanuni zinazoitwa Qi, hutamkwa "chi". Zinasimamiwa na muungano wa kampuni uitwao Wireless Power Consortium ulioanzishwa mwaka 2008, na toleo la kwanza la kanuni hizo lilitoka mwaka 2010. Toleo hilo liliweka daraja la msingi la wati 5, na daraja hilo ndilo pekee ambalo kila kisahani cha Qi na kila simu ya Qi lazima viweze. Ahadi ya "inakubali simu zote" inaishia hapo.

Na hapa pana jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha usumbufu wote. Katika daraja la msingi, mazungumzo ni ya upande mmoja. Simu husema, kisahani husikiliza. Kisahani hakina njia ya kujibu, "Ndugu yangu, mimi nina uwezo wa wati 15, chukua zaidi." Simu, isipojua inazungumza na nani, inalazimika kuchukulia kwamba iko juu ya kisahani cha wati 5, na kuvuta kiasi hicho tu. Ikivuta zaidi kwa kubahatisha, kisahani dhaifu kinaweza kuzidiwa na umeme ukakatika kila mara. Hivyo tahadhari hushinda, na simu ya milioni mbili hunywa umeme kwa kasi ya simu za mwaka 2010.

Wati 5 hazikutosha. Betri ziliongezeka ukubwa, na chaja za waya zikawa na kasi. Kila kampuni kubwa ikatafuta njia yake ya kupita hapo, na njia hizo ndizo zile namba nyingine kwenye boksi.

Samsung ilianza mapema. Mwaka 2015, pamoja na Galaxy Note 5, ilitoa kuchaji bila waya kwa kasi ya takribani wati 9, ambayo kwenye maboksi huandikwa wati 10. Haikuvunja kanuni za Qi. Ilijenga nyongeza yake juu ya daraja la msingi: simu ikishajitambulisha kuwa ya Samsung, na kisahani kikiwa kinaifahamu nyongeza hiyo, vyote viwili vinakubaliana kupandisha volti. Badala ya kufanya kazi kwa volti 5, vinapanda mpaka karibu 9. Watengenezaji wengine wa visahani waliingiza nyongeza hiyo kwenye bidhaa zao, na ndiyo maana `10W` imekuwa namba ya kawaida kwenye maboksi. Ukiiona, isome hivi: simu za Samsung zenye kuchaji kwa kasi bila waya. Baadaye Samsung ilipanda tena hadi wati 12 na 15 kwa Galaxy za juu, lakini kasi hizo zilitegemea zaidi visahani vyake yenyewe. Galaxy S21 iliyoandikwa inachaji bila waya kwa wati 15, juu ya kisahani cha kampuni nyingine chenye namba 15 vilevile, mara nyingi hubaki kwenye kasi ya 9 au 10. Namba zimefanana, utaratibu wa kuzifikia ni tofauti.

Apple iliingia mwaka 2017 na iPhone 8, 8 Plus na X. Mwanzoni zilichaji kwa wati 5. Mwezi Desemba mwaka huohuo, sasisho la iOS 11.2 liliziruhusu kufika wati 7.5, lakini kwa sharti. Kisahani cha kawaida cha wakati ule kilipunguza au kuongeza umeme kwa kubadilisha masafa, yaani idadi ya mara umeme unavyogeuka kwa sekunde, kati ya takribani kilohetzi 110 na 205. Apple ilitaka kisahani kishike masafa yaleyale, karibu na kilohetzi 128, na kurekebisha umeme kwa kupandisha au kushusha volti. Kubadilisha masafa ni rahisi na sakiti yake ni ya bei nafuu. Kurekebisha volti kunahitaji vipuri vya ziada. Kiwanda kinachotaka kuuza bei ya chini huviacha vipuri hivyo, kikaweka nyongeza ya Samsung tu, na kikaandika `10W/5W` kwenye boksi. Kisahani hicho ni kizuri kabisa kwa Galaxy. Kwa iPhone ni cha wati 5, na kitabaki hivyo hata ukibadilisha waya mara kumi.

Namba 15 ni ya nani basi? Mwaka 2015 kanuni za Qi zenyewe ziliongezewa daraja la pili, linalofika wati 15. Humo kisahani kilipewa sauti: kinaweza kujibu simu kwa kutikisa masafa yake kidogo, na vikajadiliana kiasi cha kutoa. Hiyo ndiyo njia safi, isiyomilikiwa na kampuni moja. Google, kwa mfano, iliitumia katika Pixel 5, inayochukua hadi wati 12. Lakini Apple na Samsung, ambazo simu zao ndizo nyingi kati ya simu zinazochajiwa bila waya, hazikuifuata kama njia yao kuu ya kasi. Hivyo kwa miaka mingi namba 15 ya mbele ya boksi imekuwa ikiuzwa kwa watu ambao simu zao haziwezi kuifikia kwa kisahani hicho. Naona hilo ni kosa la biashara nzima, si la muuza duka wa Kariakoo wala wa Luthuli pale Nairobi. Aliyechapisha boksi alijua.

Ilishatokea hata simu kukataa kasi ambayo vifaa vyenyewe viliiweza. Mwaka 2018 Google ilitoa Pixel 3 pamoja na kisimamio chake cha kuchajia, Pixel Stand, kwa dola 79. Simu ilipowekwa kwenye kisimamio hicho ilipata wati 10. Ilipowekwa kwenye visahani vingi vya kampuni nyingine, hata vizuri, ilishuka hadi wati 5. Google ilieleza kwamba kasi ya juu hufunguka baada ya simu na kisimamio kutambuana kwa njia salama, na kwamba kampuni nyingine zingeweza kuupata utaratibu huo kupitia mpango wake wa vyeti. Wanunuzi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Simu ilikuwa na koili nzuri, kisahani kilikuwa na nguvu, kilichokosekana kilikuwa ruhusa.

Sasa tuirudie ile familia tuifanyie hesabu. Tuseme simu ni Galaxy S21 na iPhone 13, na kisahani ni kile cha `10W/5W`. Betri ya S21 ina mAh 4,000, ambazo ni takribani wati-saa 15.5. Ya iPhone 13 ni ndogo zaidi, takribani wati-saa 12.4. Ukigawa, Galaxy inayopokea wati 9 itahitaji kama saa 1 na dakika 43. iPhone inayopokea wati 5 itahitaji kama saa 2 na nusu, ingawa betri yake ndiyo ndogo. Hizo ni hesabu za makaratasi. Kiuhalisia muda huwa mrefu zaidi kwa simu zote mbili, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto, na kila betri hupunguza mwendo inapokaribia kujaa. Lakini uwiano unabaki uleule. Badilisha kisahani hicho kwa chenye `7.5W`, iPhone itashuka hadi kama saa 1 na dakika 39 za makaratasi, na ugomvi wa nyumbani utakwisha.

Usikimbilie kununua kingine, hata hivyo, kabla ya kutazama ukutani. Kisahani chenyewe hakina umeme, kinaupata kutoka kwa kichwa cha chaja, na kichwa nacho kina makubaliano yake. Ili kutoa wati 7.5 au 10, kisahani kwa kawaida hutaka kulishwa volti 9. Kichwa cha zamani, kile kidogo cha mraba kilichoandikwa `5V 1A`, hakiwezi kutoa zaidi ya wati 5, na kwa kuwa robo au theluthi ya umeme hupotea njiani, simu hata 5 hazipati. Tundu la USB la kompyuta ni dhaifu zaidi, kwani tundu la USB la kizazi cha pili hutoa nusu ampea tu, yaani wati 2.5.

Kuna mtego wa pili hapo ambao huwanasa hata mafundi. Vichwa vya kasi navyo vina taratibu mbili kubwa za kuomba volti 9. Moja huandikwa `QC`, nyingine `PD`. Visahani vingi vya bei nafuu, hasa vyenye tundu la zamani la USB ndogo, hujua `QC` tu. Kichwa cha Apple cha wati 20 hujua `PD`. Vikutanishe, kila kimoja kizuri peke yake, na havitaelewana. Vitarudi kwenye volti 5, ambayo kila kifaa cha USB kinaijua. Mtu amelipia kichwa halisi cha bei kubwa, amelipia kisahani kizuri, na simu inachaji kama iliyochomekwa kwenye redio. Vichwa vipya vingi vimeandikwa `PD` na `QC` kwa pamoja, na kwa kisahani kisichokuja na kichwa chake ndani ya boksi hicho ndicho cha kuchagua.

Njia ya kuujua ukweli bila kubishana ni kipima USB, kifaa kidogo chenye kioo kinachochomekwa kati ya kichwa na waya wa kisahani. Bei yake si kubwa, na mafundi wengi wa simu wanacho. Weka simu ikiwa na chaji ya chini, tuseme asilimia 30, kisha soma volti. Ikionyesha karibu 9, kisahani na kichwa vimeelewana. Ikikwama kwenye 5, kasoro iko hapo, kabla hata ya simu kuhusika. Ikiwa ni 9 kwa Galaxy na 5 kwa iPhone, kichwa hakina kosa: kisahani hakijui utaratibu wa Apple. Jaribio hili halichukui dakika tano, na linamaliza ubishi ambao ungegharimu betri mpya isiyohitajika.

Asiye na kipima asome simu yake. Galaxy huandika kwenye kioo inapochaji kwa kasi bila waya, `Fast wireless charging`, na hukadiria muda uliobaki. Kama haiandiki, ingia kwanza kwenye `Settings`, kisha `Battery`, uangalie mipangilio ya kuchaji, maana kuna swichi yenye jina hilohilo inayoweza kuwa imezimwa. iPhone yenye iOS 18 huonyesha maneno `Slow Charger` kwenye ukurasa wa `Battery`. Usitegemee taa ya kisahani. Rangi yake huamuliwa na kiwanda, na mara nyingi humaanisha tu kwamba umeme unapita.

Mwaka 2020 Apple ilibadilisha mchezo kwa iPhone 12 na MagSafe. Ilizungushia koili duara la sumaku ili simu na kisahani vijinase vyenyewe mahali sahihi, na ikafikisha wati 15. Sumaku zilitatua tatizo la kweli. Koili zikipishana hata kwa milimita chache, sehemu kubwa ya nguvu inakosa shabaha, joto linapanda, na simu inapohisi joto huagiza umeme upunguzwe. Mtu aliyelaza simu pembeni kidogo ya kisahani huamka asubuhi akakuta asilimia 60, na simu ya moto.

Lakini sumaku zilileta pia udanganyifu mpya, na huu nauona kila siku. Soko limejaa visahani vya duara vinavyonasa nyuma ya iPhone kwa sauti ile ile ya kupendeza, vikiwa vimeandikwa kuwa vya sumaku au vinaendana na MagSafe. Sumaku inanasa, kasi haipo. Kwa ile kasi ya juu, MagSafe hutumia masafa tofauti kabisa, karibu kilohetzi 360, na simu huhakikisha kwanza kwamba kilichojinasa kwake kimeidhinishwa. Kisichoidhinishwa hupewa utaratibu wa zamani, wati 7.5 kwa bahati nzuri. Na hata chaja halisi ya MagSafe huhitaji kichwa cha `PD` chenye uwezo wa `9V 2.22A` au zaidi ili ifike wati 15. Simu za zamani nazo hazikunufaika. iPhone 11, isiyo na sumaku, huchaji juu ya chaja hiyo ya bei kubwa polepole kuliko juu ya kisahani cha kawaida kinachoifahamu.

Mwaka 2023 muungano wa Qi ulitangaza Qi2, na safari hii Apple ilitoa sumaku zake na utaratibu wake viwe vya wote. Daraja jipya la Qi2 limejengwa juu ya MagSafe: duara lilelile la sumaku, masafa yaleyale ya kilohetzi 360, wati 15, na hakuna haja ya kuomba ruhusa kwa Apple. iPhone 13 na 14 zilipata uwezo huo kwa sasisho la iOS 17.2, na iPhone 15 ilitoka nao. Kwa upande wa Android mwendo ulikuwa wa kusitasita. HMD Skyline ya mwaka 2024 ilitangulia kuweka sumaku, Pixel 10 ikafuata mwaka 2025. Galaxy S25 ilikuja bila sumaku ndani, ikaitwa iko tayari kwa Qi2, maana yake ununue kava lenye sumaku kwanza. Mwaka huohuo wa 2025 lilitoka daraja la wati 25.

Kwa hiyo hata leo kisahani cha Qi2 hakijafuta tofauti. Kitaipa iPhone 13 ya mama wati 15, yaani dakika 50 za makaratasi badala ya saa 2 na nusu. Galaxy S21 ya baba ikilazwa hapo, haina sumaku wala haijui daraja jipya, hivyo itarudi kwenye daraja la msingi la wati 5, isipokuwa kama mtengenezaji ameongeza pia ile nyongeza ya Samsung. Wengine huiongeza, wengine hawaiongezi, na boksi ndilo litakalosema. Familia ileile, malalamiko yamehamia kwa mwingine.

Nembo ni jambo la kuliangalia kwa makini. Maneno kama `Qi compatible` yanaweza kuandikwa na yeyote. Nembo ya Qi au Qi2 inatakiwa kuwekwa na bidhaa iliyopimwa na kupewa cheti, na muungano una orodha ya bidhaa zenye cheti kwenye tovuti yake, ambapo unaweza kutafuta jina la kampuni na namba ya kisahani. Cheti hakihusu kasi peke yake. Kisahani kilichopimwa hulinganisha umeme kinaoutoa na ule ambao simu inasema imeupokea. Tofauti ikizidi, kinajua kuna chuma katikati, pengine sarafu, funguo, au kile kibati cha kushikia simu kwenye gari ambacho wengi hukisahau ndani ya kava, na kinakata umeme kabla chuma hakijawaka moto. Visahani visivyo na cheti baadhi yao hawana ulinzi huo, au wanao wa jina tu. Hapo sioni sababu ya kubana pesa.

Ukienda dukani, kwa hiyo, acha kuuliza kama kisahani ni fasti chaji. Nenda na simu zote za nyumbani na kichwa utakachokitumia. Soma mstari wa `Output`: ukiwa na Galaxy tafuta 10, ukiwa na iPhone 8 hadi 11 tafuta 7.5, ukiwa na iPhone 13 au mpya zaidi tafuta nembo ya Qi2. Soma mstari wa `Input` uone kama kinataka `9V`, na kama kichwa chako kinaitoa kwa `QC` au kwa `PD`. Kisha mwombe muuzaji akichomeke, uweke simu moja baada ya nyingine bila kava, na usome kioo cha kila simu kabla hujatoa pesa.